Madirisha sita kwenye picha moja: kutofautisha luva, bawaba na slaidi katika nyumba ya Shela, Malindi

Mwenye nyumba, mama mmoja, yuko Nairobi. Nyumba iko Shela, mji wa kale wa Malindi, ya ghorofa moja, ukuta wa mawe ya matumbawe, uso wake umeelekea mashariki upande wa bahari. Mpangaji ametoka, na kabla wengine hawajaingia mwenye nyumba anataka vifaa vya madirisha vibadilishwe vyote kwa mpigo mmoja. Akanitumia picha moja ya uso wa nyumba, aliyopigiwa na mdogo wake, na ujumbe mfupi: "Fundi, niandikie vifaa vya kununua, nivichukue huku Nairobi nije navyo."

Kijana ninayemfundisha kazi aliishika simu, akaitazama picha, akaniandikia harakaharaka: luva tatu, slaidi mbili, bawaba moja. Ukihesabu madirisha yanatimia sita, kama yaliyomo kwenye picha. Lakini aina si hizo. Katika yale sita, matatu aliyapa aina isiyo yake, na orodha ile ingepelekwa dukani vile ilivyokuwa, mama yule angerudi Malindi na fremu za luva zisizo na pa kuwekwa, na roli za dirisha lisilo na reli. Nitaeleza tulivyoipitia picha ile upya, dirisha kwa dirisha, kwa sababu makosa ya kijana ni yale yale wanayofanya wengi wanaosoma madirisha kwenye picha.

Kwanza mpangilio. Ghorofani kuna madirisha mawili ya mbao za kijani zenye mistari ya kulala. La kushoto mabawa yake yamefunguliwa hadi yakalala ukutani, la kulia limefungwa. Chini, kushoto kwa mlango, kuna dirisha pana la vioo vya kulala. Kulia kwa mlango kuna madirisha mawili ya alumini ya rangi ya shaba, moja pana na moja jembamba, kila moja likiwa na vioo viwili vilivyosimama. La sita ni dogo la chuma, liko katikati ya ngazi, juu ya paa dogo la mlango.

Kijana alipoona mistari ya kulala aliandika luva, kwa hivyo akapata tatu. Nilimwambia aache kuitazama mistari, ajiulize ni kitu gani kinachosogea dirisha likifunguliwa, na kimeshikiliwa wapi. Katika luva bawa halipo kabisa: kila kioo kinageuka peke yake mahali pake, kikiwa kimeshikwa kwenye ncha zake mbili. Katika dirisha la bawaba, bawa zima linazunguka kwa ukingo wake mmoja, wa pembeni au wa juu. Katika slaidi bawa halizunguki popote, linapita mbele au nyuma ya mwenziwe juu ya reli. Ukishajua kinachosogea, unajua vifaa vyake, maana kifaa hukaa pale pale penye mwendo.

Tukarudi ghorofani na swali hilo. Dirisha la kushoto linajibu lenyewe: mabawa mawili yamelala ukutani, moja kila upande. Kitu kinachoweza kufunguka hadi kulala ukutani kina bawaba. Vile vibao vya kulala ni vya kupitisha hewa tu, vimepigwa humo humo ndani ya bawa na havigeuki. Hili ndilo dirisha la mbao la pwani tunalolijua sote, na mistari yake haibadilishi aina yake.

Lile la kulia lililofungwa lilihitaji macho zaidi, kwa sababu mtu angeweza kusema la kushoto ni la mbao na la kulia ni luva iliyopakwa rangi. Tulivuta picha. Vibao vya dirisha lile havifiki kwenye ukuta. Vinaishia kwenye mbao ya kusimama yenye upana wa kama kiganja, na katikati kuna mbao mbili za kusimama zimekutana, na kati yao mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi chini. Luva ya kioo haina mbao hiyo. Kioo chake kinakwenda moja kwa moja hadi pembeni, na pale pembeni unakuta ukanda mwembamba wa alumini wenye klipu. Basi ukiona fremu imezunguka mistari pande zote nne, na mstari wa kusimama unaokata katikati, hilo ni bawa, na bawa lile linaning'inia kwenye bawaba.

Kipimo nacho kilisaidia. Mlango wa mbele ni wa kawaida, kama sentimita 210. Kwenye skrini, baada ya kuvuta picha, ulipimika milimita 84, kwa hivyo kila milimita ya skrini ni sentimita mbili na nusu za ukutani. Vibao vya ghorofani vilipishana kila milimita mbili, yaani sentimita tano hivi. Ghorofani ni mbali zaidi na kamera kwa hivyo vitu huonekana vidogo kuliko vilivyo, lakini tofauti hiyo haiwezi kutoka tano kufika kumi na tatu. Na kumi na tatu ndiyo namba tuliyokuwa tunaitafuta, kwa sababu kioo cha luva kinachouzwa sana huku ni cha upana wa inchi sita, na kikishalalia cha chini yake kinabaki kikionekana sentimita 13 au 14.

Dirisha la chini kushoto lilikubali kipimo hicho. Urefu wake milimita 48 za skrini, sawa na sentimita 120, na tulihesabu vioo tisa: kila kimoja kinaonekana sentimita 13 na kitu. Kuna na dalili nyingine ninayoiamini kuliko hata kipimo. Kioo cha luva kimeinama kidogo hata kikiwa kimefungwa, kwa hivyo kila kioo kinarudia picha ile ile ya mbele yake. Katika dirisha lile ulionekana ukanda wa mbingu, chini yake ukanda wa giza, kisha ukanda wa mbingu tena, hadi mwisho. Kioo kimoja kikubwa hakiwezi kufanya hivyo, kinaonyesha mbingu mara moja tu. Dalili hii haitakusaidia kama vioo ni vya maua, vile visivyopitisha sura, kwa sababu haviakisi kitu. Hapo utarudi kwenye kipimo na ule ukanda wa klipu.

Upana wa dirisha ni sentimita 120 pia, na lina nguzo moja katikati inayoligawa vyumba viwili. Nguzo hiyo si pambo. Kioo cha luva hakina fremu ya kukitia nguvu, kimeshikwa ncha mbili tu, kwa hivyo kikiwa kirefu sana hupinda, hucheza kwa upepo na mwisho hupasuka. Ndiyo maana dirisha pana la luva karibu kila mara utalikuta limegawanywa. Hapa kila chumba kina kioo cha sentimita 57 hivi, na vyumba viwili mara vioo tisa ni vioo 18.

Kisha tukatafuta kibovu. Chumba cha upande wa kulia wa dirisha lile, kioo cha tatu kutoka chini: ncha yake ya kushoto iko sawa na wenziwe, ya kulia imeshuka, na hapo pana pembe ya giza yenye umbo la kabari. Kioo kingekuwa kimepasuka tungeona mstari. Kushuka ncha moja maana yake klipu ya upande huo imevunjika au ribiti yake imeliwa na chumvi. Ingekuwa vioo vyote vya chumba kile vimesimama pembe tofauti tofauti, ningesema tatizo ni ule mkanda wa ndani unaoviunganisha vyote na mkono. Fremu za luva huuzwa kwa jozi, ya kushoto na ya kulia, na mkono uko upande mmoja tu. Kwa dirisha hili nikaandika jozi mbili za vioo tisa tisa. Kutafuta klipu moja moja hakufai, kwa sababu klipu ya mtengenezaji mmoja mara nyingi haikai kwenye fremu ya mwingine, na fremu zilizokaa miaka karibu na bahari zikishaanza kutoa klipu moja hufuatiwa na nyingine.

Upande wa mkono picha haikuonyesha, maana mkono uko ndani na nyuma ya kioo kuna grili. Hilo tuliliacha liwe swali.

Sasa alumini, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Madirisha mawili, rangi moja, yote mawili yana vioo viwili vilivyosimama, hayana bawaba inayoonekana kwa nje. Kijana aliandika slaidi zote mbili, na watu wazima wengi wangeandika hivyo hivyo. Shida ni kwamba bawa la alumini la kisasa linalosukumwa nje halina bawaba za kuonekana. Linashikwa na stei mbili, vyuma bapa vyenye viungo, zilizofichwa kati ya bawa na fremu, moja kila upande, na likifungwa zinamezwa zote. Kwa hivyo kutoona bawaba kwenye alumini hakuthibitishi kitu. Kwenye mbao na chuma ni dalili, kwenye alumini si dalili.

Kinachotofautisha ni kina. Slaidi ina reli mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hivyo mabawa yake mawili hayawezi kuwa kwenye usawa mmoja: moja liko karibu na wewe, jingine limerudi nyuma sentimita chache. Dirisha la kusukuma nje lina mabawa yaliyo usawa mmoja, na kati yao pana nguzo ya fremu isiyosogea.

Picha ilikuwa imepigwa baada ya adhuhuri. Nyumba imeelekea mashariki, kwa hivyo wakati huo jua limeshavuka paa na uso wote uko kivulini, hakuna kivuli kikali cha kukuonyesha kina. Tulilazimika kusoma mambo mengine. Katika dirisha pana, bawa la kushoto linaonyesha kingo zake zote nne, na ukingo wake wa katikati ni mnene, wakati bawa la kulia halionyeshi ukingo wa katikati kabisa, umepotea nyuma ya mwenziwe. Mnazi wa ng'ambo ya njia umeakisiwa kwenye kioo, na shina lake limekatika pale mabawa yanapokutana, nusu ya juu haikai sawa na nusu ya chini. Na bawa la kulia ni jeusi kuliko la kushoto, weusi wa wavu wa mbu, unaofunika nusu ile tu. Wavu wa slaidi hukaa kwenye reli yake ya tatu na ni wa nusu ya dirisha, kwa sababu slaidi ya mabawa mawili haifunguki zaidi ya nusu.

Kule kukatika kwa mnazi peke yake nisingekuamini. Bawa lolote lisilofungwa vizuri hukata taswira hivyo hivyo. Lakini ukingo uliofichwa, taswira iliyokatika na wavu wa nusu, vyote vikisema neno moja, basi hiyo ni slaidi.

Dirisha jembamba lilikuwa na habari nyingine. Katikati yake mna michirizi ya fremu mitatu iliyopangana: ukingo wa bawa la kushoto, nguzo, ukingo wa bawa la kulia. Mabawa yote mawili yanaonyesha kingo zao zote nne, hakuna lililomficha mwenziwe. Wavu, kama upo, haugawanyi dirisha nusu. Na kijana mwenyewe ndiye aliyeona jambo lililomaliza ubishi: chini ya bawa la kulia pana ufa mweusi, mpana kidogo, unaopungua ukipanda pembeni hadi unapotea juu. Bawa limetoka nje kwa chini na kushikwa juu.

"Basi hili lasukumwa kwa chini, fundi," akasema.

"Na likisukumwa kwa chini, stei zake ziko wapi?"

"Pembeni, huku na huku. Mbili kila bawa."

Nne kwa dirisha zima, pamoja na mikono miwili ya kufungia, mmoja kila bawa, iliyo chini kwa ndani. Ule ufa nao unaweza kuwa ni mkono usiofunga tena, au stei iliyoshika kutu ikakataa kurudi. Hilo picha haiamui. Kinachojulikana ni kwamba stei za bawa la kufunguka juu si sawa na za bawa la kufunguka pembeni, na urefu wake hufuata kimo na uzito wa bawa, kwa hivyo hata ukijua unahitaji nne hujaweza kununua. Nilichoweza kumwambia mama ni chuma cha pua cha daraja la 316 akikipata, kwa sababu cha 304 kinaanza kutoa madoa ya kutu mapema sana mahali panapopigwa na upepo wa chumvi kama Shela.

Kwenye ile slaidi tuliangalia ubovu pia. Tazama nafasi kati ya ukingo wa bawa na fremu ya pembeni: ikiwa sawa juu na chini, bawa limesimama vizuri. Hapa bawa la kulia lilikuwa na nafasi pana kwa juu na karibu kutokuwepo kwa chini. Bawa limelala upande, na bawa la slaidi hulala roli moja ikivunjika au ikisagika. Kila bawa lina roli mbili chini, kwa hivyo nne kwa dirisha, pamoja na kitasa kimoja cha mwezi pale mabawa yanapokutana na brashi za kingo. Chini ya fremu kwa nje kuna vitundu vidogo virefu vya kutoa maji ya mvua kwenye reli, na kimoja kilikuwa na michirizi ya mchanga chini yake. Roli zinazosaga mchanga haziishi, kwa hivyo reli ioshwe kwanza kabla roli mpya hazijawekwa, la sivyo pesa imetupwa.

Dirisha dogo la chuma la kwenye ngazi lilikuwa rahisi, na kijana alilipata mwanzoni. Upande mmoja mstari wa fremu ni mmoja, huo ni upande wa kioo kisichofunguka, na upande wa pili mistari ni miwili, ya fremu na ya bawa. Kwenye ukingo wa nje wa bawa michirizi miwili ya kutu imeteremka ukutani, kila mmoja ukianzia pale ilipo bawaba. Bawaba za madirisha haya huchomelewa, kwa hivyo haziingii kwenye orodha ya kununua, ni kazi ya mchomeleaji. Nikaandika stei moja ya matundu na mkono mmoja, basi.

Kabla ya kuandika ya ghorofani, nilimwonyesha kijana kitu kingine kuhusu grili, kwa sababu kitamsaidia kwenye nyumba nyingine. Hapa grili zote za chini ziko ndani. Lakini ukiona grili ya nje imelala karibu na kioo, bila nafasi, dirisha hilo haliwezi kuwa na bawa la kufunguka nje, lingegonga vyuma. Ni slaidi, au ni la kufunguka ndani, au halifunguki. Hata luva inahitaji nafasi, maana kioo cha inchi sita kikigeuka hutokeza kama nusu yake kila upande.

Mabawa ya ghorofani yaliyo wazi yana faida moja: yakilala ukutani yanakuonyesha uso wao wa ndani. Tulihesabu bawaba mbili kila bawa, na bolti ya juu na ya chini kwenye bawa moja la jozi. Kwa madirisha mawili, mabawa manne: bawaba nane, bolti nne, na ndoano nne za kushikia mabawa ukutani yasipigwe na kusi. Za shaba, na skrubu za shaba au za chuma cha pua, kwani skrubu za chuma cha kawaida hulika zikaacha bawaba nzuri ikining'inia kwenye tundu tupu. Nyuma ya dirisha lililo wazi zilionekana nondo na giza. Nyuma ya lililofungwa hatukujua kilichopo, na hapo kunaweza kuwa na luva ya kweli, ambayo hakuna picha ya nje itakayoionyesha hadi mabawa yafunguliwe.

Nilimwandikia mama hivi: "Mama, aina na hesabu za vifaa ni hizi. Usinunue bado stei za dirisha la alumini, roli, wala vioo. Mwambie mdogo wako aingie ndani na anipigie picha nne: mkono wa luva uko upande gani, bawa la dirisha jembamba la alumini likiwa wazi, lipigwe kutoka pembeni ili stei ionekane, roli ya slaidi ikiwa imetolewa na rula kando yake, na dirisha la ghorofani la kulia likiwa wazi. Azitume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp ikizipunguza matundu ya skrubu hayaonekani. Na apime bawa lenyewe, upana na kimo, si tundu la ukuta."

Picha zikaja jioni. Mkono wa luva uko kushoto kwa vyumba vyote viwili ukitazama kutoka ndani. Roli ni ya gurudumu moja, la plastiki, limeliwa ubavu. Stei ya bawa jembamba imekatika kwenye kiungo. Na nyuma ya yale mabawa ya kijani yaliyokuwa yamefungwa hapakuwa na kioo chochote, nondo tu kama za mwenziwe, kwa hivyo luva ikabaki moja, slaidi moja, na bawaba nne za namna tatu.